Hela imerudishwa kwenye akaunti uliyoshaifunga? Anza na ARN

Nakaa dawati la kadi benki, na kesi hii naipata karibu kila wiki. Juzi kaja dada mmoja, alinunua tiketi ya ndege kwa kadi, 640,000, safari ikafa akaomba hela yake, wauza tiketi wanamwambia tumeshakurudishia na yeye haoni kitu, maana ile akaunti aliifunga akahamia benki nyingine.

Watu wengi hapo wanakimbilia kutuma namba ya akaunti mpya na kusema nilipeni upya. Hamtalipwa. Kwa muuzaji hela imeshatoka, akilipa tena bila ushahidi anaweza kulipa mara mbili, na matapeli wanaujua sana huo mchezo.

Kwanza omba ARN. Ni namba ya tarakimu 23 inayofuatana na muamala wa kadi, muuzaji anaipata kwa benki yake. Ya dada ilikuwa na 5074 kuanzia tarakimu ya 8 hadi ya 11, 5 ni mwaka 2025 na 074 ni siku ya 74 ya mwaka, yaani Machi 15. Kumbe akaunti kaifunga Februari, basi hela ilitumwa kweli ila ilikuta mlango umefungwa. Ukipewa namba fupi ya risiti tu, hiyo siyo, rudi ukaombe tena.

Halafu nenda na ARN BENKI YA ZAMANI, usiende ile mpya, kadi ilikuwa yao hiyo mpya haijui chochote. Kuwa kadi imekufa hakuizuii hela kufika kwao. Ikifika wanakuwa wameiweka kwenye akaunti ya muda wakimsubiri mwenyewe, hapo unaenda na kitambulisho unaomba waihamishie akaunti mpya na muuzaji humhitaji tena, au wameikataa ikarudi kwa benki ya muuzaji. Ya dada ilikuwa imerudi, na muuzaji hakujua kwa sababu kwake iliingia imechanganyika na malipo mengine ya siku hiyo (uhasibu wa watu huu jamani).

Basi akaomba barua benki ya zamani: akaunti ilifungwa lini, ARN ipi, kiasi gani, ilirudishwa tarehe gani. Hiyo barua ndo inamfungua muuzaji, maana kadi iliyokufa hawezi kuirudishia tena, lazima atume benki kwa benki.

Sasa ndo unatuma taarifa mpya, jina kama lilivyo benki herufi kwa herufi, namba ya akaunti, tawi, na SWIFT kama inatoka nje ya nchi. Dada aliandika jina la ndoa wakati benki lipo la ubini, ingegoma tena, tukaliwahi. Tuma kwa njia ileile uliyofungulia madai, na anayekuomba PIN au zile namba tatu za nyuma ya kadi ili akulipe huyo ni mwizi, kupokea hela hakuhitaji hivyo.