Dari inavuja tena: namna ya kupima pamoja na mwenye fleti ya juu

Mpangaji akilalamika mara ya tatu kuhusu dari ya bafu, mara nyingi kilichofanyika kabla ni kupaka rangi juu ya doa. Safari hii mwombe aandike kwa wiki moja saa maji yanapoanza kudondoka na saa yanapokoma. Doa likiwa karibu na taa, kata umeme wa taa hiyo leo hii, hilo halingoji wiki.

Tuseme ameandika: huanza saa moja asubuhi, hukoma saa nne. Bomba la maji safi lina presha muda wote, kwa hiyo likipasuka huvuja usiku na mchana. Haya yanafuata ratiba ya watu kuoga, basi shaka iende kwenye bomba la kutolea maji au kwenye sakafu ya bafu la juu.

Sasa mwandikie mwenye fleti, na gharama usiitaje bado. Akisoma neno "ulipe" atajitetea, na mlango hautafunguka.

"Habari ndugu. Dari iliyo chini ya bafu lako inadondosha maji kila asubuhi, picha hizi hapa. Naomba fundi aje Jumamosi kupima bila kuvunja chochote. Karibu uwepo, au mtume mtu unayemwamini."

Kama naye amepangisha, mpangaji wake ajulishwe mapema, maana bafu halitatumika hadi kesho yake.

Siku hiyo fungeni koki zote za juu, msome mita, mrudi baada ya nusu saa. Ikiwa haijasogea, fundi amimine ndoo ya lita 10 yenye rangi nyekundu ya chakula moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji, sakafu isilowe. Subirini saa moja. Chini kukiwa kukavu, azibe tundu, ajaze maji ya kijani kimo cha sentimita 2, chini ya kizingiti, yalale hapo. Mpangaji wa chini aweke beseni.

Mafundi wenye haraka humwaga maji kila mahali kwa pamoja, halafu hawajui yamepitia wapi. Hata hivyo zege huweza kuchuja rangi, hivyo mimi huamini zaidi muda kuliko rangi. Wala doa si lazima liwe chini ya tundu lenyewe, kwani maji hutembea ndani ya slabu.

Yakivuja baada ya ndoo, kasoro iko kwenye bomba la kutolea maji au kiungo chake. Yakivuja usiku, ni tabaka la kuzuia maji chini ya vigae, na kuziba mianya ya vigae peke yake hakudumu. Hapo ndipo mzungumzie malipo: kinachohudumia fleti moja kwa kawaida ni cha mwenye fleti hiyo, bomba kuu ni la wote, ila someni mkataba wa jengo.

Baada ya matengenezo, rudieni jaribio lilelile kabla ya vigae kurudishwa. Mwambie mpangaji matone yanaweza kuendelea siku kadhaa, maana slabu bado ina maji, na dari isipakwe rangi hadi ikauke kabisa.