Poli haifi kwa kukatwa kwenye karatasi

Kijana mmoja anayesomea otomesheni hapa Moshi aliniletea daftari lake jioni moja. Alikuwa na mtambo usiotulia, wenye fanksheni ya uhamishaji 1/(s−1). Poli yake, yaani thamani ya s inayofanya sehemu ya chini iwe sifuri, iko kwenye +1, kwa hiyo kosa lolote ndani yake hukua mara 2.72 kila sekunde. Mbele ya mtambo aliweka kirekebishi (s−1)/(s+2). Alipozidisha, (s−1) ya juu ikakata (s−1) ya chini, ikabaki 1/(s+2), tulivu kabisa. "Mwalimu," akaniuliza, "si nimeshaimaliza?"

Nilimwomba afungue kompyuta, aanzishe mtambo si kwenye sifuri bali kwenye 0.001. Sekunde ya saba tokeo lilikuwa limepita 1 na bado linapanda. Dhana alizokuwa nazo nazikuta kwa wanafunzi wengi, na kila moja inastahili jibu lake.

Dhana: poli na ziro zikikatana, poli imeondoka.

Ukweli ni kwamba imeondoka kwenye fomula, lakini ndani ya mtambo ipo palepale. Fanksheni ya uhamishaji inaeleza tu njia ya kutoka ingizo hadi tokeo, tena kwa mfumo ulioanzia sifuri. Ili kuona kilichobaki ndani, lazima tuandike hali zenyewe. Kirekebishi (s−1)/(s+2) ni sawa na 1 − 3/(s+2), kwa hiyo kinatoa u − 3x1, ambapo u ni ingizo na x1 ni hali yake. Hali ya mtambo tuiite x2, na tokeo y:

```
x1' = -2*x1 + u
x2' = -3*x1 + x2 + u
y   = x2
```

Sasa tumia sharti la ranki ambalo Rudolf Kálmán aliliweka wazi mwaka 1960. A ni matriki ya vigawe vya hali, B ni safu ya vigawe vya u. Kwa mfumo wa hali mbili, panga B na AB kando kwa kando. B ni (1, 1). AB ni (−2, −2). Safu ya pili ni ile ya kwanza iliyozidishwa kwa −2, haileti mwelekeo mpya, kwa hiyo ranki ni 1 badala ya 2. Kuna mwelekeo mmoja ambao ingizo haliufikii.

Ni upi? Hapa ndipo ninapopenda mwanafunzi asimame kidogo, maana wengi huandika "ranki ni 1, haudhibitiki" na kufunga daftari. Toa mlinganyo wa kwanza kutoka wa pili. Zile u mbili zinafutana, na kinachobaki ni hiki:

```
(x2 - x1)' = x2 - x1
```

Tofauti kati ya hali hizo mbili inakua kwa poli ya +1, na u haimo kabisa kwenye mlinganyo wake. Ukipeleka volti ndogo au kubwa, haiguswi. Ikianza sifuri kamili inabaki sifuri, na ndiyo maana mchoro wa kwanza wa yule kijana ulikuwa mzuri. Ikianza 0.001, baada ya sekunde 7 ni karibu 1.1. Mtambo halisi hauanzi sifuri kamili hata siku moja: upepo, joto, au mtikisiko wa meza unatosha.

Dhana: mpangilio haujalishi, kwa kuwa kuzidisha ni kulekule.

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini hebu peleka kirekebishi nyuma ya mtambo, kishughulikie tokeo lake:

```
x1' = -2*x1 + x2
x2' = x2 + u
y   = -3*x1 + x2
```

Fanksheni ni ileile 1/(s+2). Pima sasa kwa Octave:

```
A = [-2 1; 0 1]; B = [0; 1]; C = [-3 1];
rank([B A*B])
rank([C; C*A])
```

Jibu la kwanza ni 2, la pili ni 1. Kwa mkono pia ni rahisi: C, yaani vigawe vya hali kwenye y, ni (−3, 1), CA ni (6, −2), yaani C ileile mara −2. Safari hii ingizo linafika kila mahali, ila tokeo halioni kila kitu. Ukikokotoa y' utapata −2y + u, kana kwamba mtambo ni mtulivu, huku x2 ikipaa bila kuacha alama kwenye kipimo. Hali hii naiogopa zaidi ya ile ya kwanza. Kule unaona tokeo likiharibika ukazima swichi. Huku geji inasoma vizuri mpaka kitu kinaungua.

Dhana: ranki ikipungua, mfumo haufai.

Si lazima. Chukua simtanki mbili zinazofanana, za kuoshea kahawa huku milimani, zinazopokea maji sawa kutoka koki moja, kila moja ikipungua kwa kiwango cha 0.1 ya kina chake kwa dakika. B ni (1, 1), AB ni (−0.1, −0.1), ranki ni 1. Huwezi kuongoza tofauti ya vina kwa koki hiyo. Lakini tofauti ya sentimita 20 itashuka yenyewe hadi sentimita 1 hivi ndani ya dakika 30. Mwelekeo usiofikika ni mtulivu, basi tunauacha.

Kinachoamua ni poli ipi imefichwa, na kipimo cha Hautus kinaitaja moja kwa moja: kwa kila poli s, angalia ranki ya [sI − A, B]. Kwenye mpangilio wa kwanza wa kijana, s = −2 inatoa mistari (0, 0, 1) na (3, −3, 1), ranki 2, hakuna tatizo. Kwa s = 1 mistari yote miwili ni (3, 0, 1). Iliyofichwa ni ile isiyotulia.

Dhana: ranki kamili inatosha.

Kijana alijaribu kunikwepa: "Nikiweka ziro kwenye 1.01, hazikatani." Kweli, AB inakuwa (−2, −2.01), determinanti ni −0.01, na kompyuta inasema ranki ni 2. Lakini tazama tofauti yetu ya zamani:

```
(x2 - x1)' = (x2 - x1) - 0.01*x1
```

Ingizo linaifikia sasa, ila kupitia tundu la 0.01. Ili kuzuia tu tofauti ya 0.1 isikue, x1 lazima ifike 10. Mota itagonga ukomo wake kabla ya hapo. Ranki hujibu ndiyo au hapana. Ukitaka kujua ni kwa nguvu kiasi gani, tumia `svd([B A*B])` uangalie thamani ndogo kuliko zote. Hapa ni karibu 0.003, wakati kubwa ni kama 3.2.

Tulifuta kirekebishi chote. Tukabaki na x2' = x2 + u, tukarudisha tokeo kwenye ingizo: u = r − 3y, ambapo r ni thamani tunayoitaka. Mlinganyo ukawa x2' = −2x2 + r, yaani 1/(s+2) ileile aliyoitafuta. Hali ni moja, ranki ni 1, na poli ya +1 haikufichwa bali ilihamishwa hadi −2. Alianzisha tena kwenye 0.001, baada ya sekunde 3 tokeo lilikuwa limeshuka hadi karibu 0.0000025.