Mwaliko wa Kuonja Juisi na Ujumbe wa Kesho Yake

Kazi yangu ni kuwaandikia wasindikaji wadogo wa vinywaji barua na matangazo ya biashara. Mteja mmoja wa Morogoro, anayetengeneza juisi ya ukwaju na ya pasheni katika chupa za mililita 300, alinijia akiwa na mwaliko mmoja aliokusudia kuutuma kwa mameneja wa supamaketi na wenye vioski vya karibu na stendi, awakutanishe wote Jumamosi saa nane mchana. Nilimwomba asiutume, kwa sababu saa hiyo mwenye kioski ana wateja wengi na hana wa kumwachia duka, na anayeamua manunuzi ya supamaketi kwa kawaida hayupo ofisini.

Tuliandika mialiko miwili. Wa supamaketi ulikuwa barua ya ukurasa mmoja, kwa siku ya Jumatano saa nne asubuhi, katikati ya mwezi, ili usigongane na siku za kuhesabu mali. Katika rasimu yake, mteja alikuwa ameandika kwamba juisi yake ni “freshi, haina kemikali”. Meneja wa manunuzi akisoma maneno hayo hujiuliza mara moja ni siku ngapi chupa itakaa rafuni kabla ya kuchacha. Tuliyafuta, tukaeleza kwamba juisi hupashwa joto hadi nyuzi 85 na kujazwa ingali ya moto, na tukataja muda wa matumizi ulioandikwa kwenye lebo. Tuliongeza kwamba ina nembo ya ubora ya TBS na barkodi inayoanza na 620, kwa kuwa bidhaa isiyosomeka kwenye mashine ya keshia haipokelewi, hata iwe tamu kiasi gani.

Wenye vioski hatukuwaita popote. Kila mmoja alipata ujumbe mfupi wa simu: “Habari za kazi, mama. Kesho kati ya saa moja na saa mbili asubuhi nitapita dukani kwako na juisi ya ukwaju na ya pasheni, uonje bila malipo. Sitakuchukulia zaidi ya dakika tano. Kama una mteja, nitasubiri.”

Kuonjesha kwenyewe kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ubaridi hufifisha utamu, kwa hiyo juisi iliyopimwa sukari ikiwa imetoka kwenye friji huweza kuwa tamu kupita kiasi inapokaa juu ya kaunta. Friji za vioski vingi huzimwa usiku ili kuokoa umeme wa LUKU, na nyingine ni za kuazimwa na kampuni za soda kwa sharti kwamba kisiwekwe ndani kinywaji cha kampuni nyingine. Kwa hiyo mteja wangu alibeba chupa za baridi na zisizo za baridi, akamimina mililita 40 za kila aina. Wenye vioski watatu walisema kwamba pasheni isiyo ya baridi inakinaisha, na aliyaandika maneno hayo palepale pamoja na jina la duka.

Ujumbe wa kesho yake ulianzia kwenye maneno hayo. Ujumbe wa “asante kwa kushiriki” unaotumwa kwa watu wote hausomwi, ilhali huu ulijibiwa siku hiyohiyo: “Mama, jana ulisema pasheni inakinaisha ikikosa baridi. Kwa hiyo nakuletea ukwaju peke yake, kreti moja ya chupa 24, kwa mali kauli. Kila chupa utanilipa shilingi 750 na utauza 1,000. Nitarudi baada ya siku 14. Utalipia zilizouzwa, na zilizobaki nitazichukua.” Mwenye duka anaona kwamba kreti ikiisha atabaki na shilingi 6,000, na kwamba isipoisha hasara si yake. Kwa supamaketi ahadi hiyohiyo iliandikwa kwa barua, pamoja na kiasi cha mzigo wa majaribio, siku ya malipo na nani atakayeziondoa chupa zinazokaribia kuisha muda.

Tangazo la hadharani kwenye ukurasa wake lilitoka mwisho, baada ya mizigo kufika. Hapo nilikuwa mkali katika mambo mawili. Bei ya jumla haikutajwa, kwa sababu mnunuzi akiiona 750 ataanza kumbana mwenye kioski. Wala hatukuandika kwamba juisi inapatikana supamaketi, kwa kuwa wakati huo moja ilikuwa bado inalijadili ombi letu. Tulitaja tu maduka yaliyokuwa nayo tayari, kila moja kwa idhini ya mwenyewe.

Siku ya kumi na nne alizunguka na daftari lake. Duka lililokuwa limebakiza chupa 15 kati ya 24 lilikuwa limeipanga juisi nyuma ya mikate, mahali ambapo mpita njia haioni. Tuliliandikia tena, safari hii tukiomba nafasi ya mbele ya kaunta kwa wiki moja, kwa chupa sita tu.