Colito 1964: yalikuwa maasi, hayakuwa mapinduzi

Kila Januari nasikia jambo lile lile, kwamba yaliyotokea kambi ya Colito, Dar es Salaam, mwaka 1964 yalikuwa "mapinduzi yaliyoshindwa". Juzi nimelisikia tena redioni, kwa mtu mzima ninayemheshimu, nikaona heri niandike.

Maasi, kwa maana ya kijeshi, ni askari wawili au zaidi kushikamana kukataa mamlaka ya wakubwa wao. Mmoja akikataa amri peke yake, kosa lake ni kukataa amri. Akiondoka kambini kwa nia ya kutorudi tena, huyo ni mtoro. Basi.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kutotii. Ijumaa msikitini utamsikia khatibu akiwasihi watu waache maasi, na hapo anakusudia madhambi. Ni neno lile lile. Anayemuasi Mola hadai kukaa mahali pake. Amekataa kumtii tu, na Mola anabaki kuwa Mola. Mapinduzi ni habari nyingine kabisa. Mashua ikipinduka, kilichokuwa juu kinakwenda chini. Unguja tarehe 12 Januari 1964 serikali iliondoka na nyingine ikakaa. Siku nane baadaye, Colito, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, waliwafungia maofisa wao Waingereza wakidai nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Hakuna askari aliyejitangaza rais. Tarehe 25 makomandoo wa Uingereza, walioombwa na Nyerere, waliwanyang'anya silaha. Walioongoza walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi wakafungwa, na jeshi lile likavunjwa.

Kwa nini mahakama ya kijeshi? Kwa raia, kugoma au kuacha kazi ni ugomvi wake na mwajiri. Jeshi haliwezi kuishi hivyo, na Waingereza walilitambua hilo vizuri mwaka 1689. Kikosi kimoja cha Waskoti kilikuwa Ipswich, kikaamriwa na mfalme mpya, William, kivuke kwenda Uholanzi. Askari wakakataa, wakisema mfalme wao ni James, yule aliyefukuzwa. Wakashika njia ya kaskazini kurudi kwao, wakiwa na mizinga. Wapanda farasi wa Kiholanzi waliwafuata wakawakamata. Tatizo likabaki sheria: nchi ikiwa na amani, hakuna askari aliyeweza kuuawa kwa hukumu ya kijeshi. Bunge likapitisha haraka Sheria ya Maasi, ikaruhusu mahakama ya maofisa kutoa hukumu ya kifo kwa maasi na utoro. Lakini waliipa muda mfupi kwa makusudi, ili mfalme alazimike kurudi bungeni kuomba ihuishwe. Iliendelea kuhuishwa hivyo hadi mwaka 1879.

Mahakama bila mkamataji haina kazi. London yenyewe ilipata polisi wa kisasa mwaka 1829, kwa hiyo zamani jeshi lilitembea na ofisa wake wa nidhamu na watu wake, wakipita nyuma ya kikosi kukusanya watoro na waporaji. Polisi wa jeshi wa leo ni warithi wao.

Mtoro hakuuawa kila mara. Kiboko kilitumika sana, na jeshi la Uingereza lilikiacha mwaka 1881 tu. Kulikuwa pia na alama. Herufi D ilichanjwa ubavuni kushoto, inchi mbili chini ya kwapa, kwa wino au baruti, isifutike. Sababu ilikuwa fedha: askari mpya alipewa bakhshishi ya kujiandikisha, na wapo waliotoroka wakajiandikisha kwingine waipokee tena. Mwenye alama hiyo, akiinua mkono mbele ya daktari wa jeshi, siri yake ilikwisha. Ilifutwa mwaka 1871.

Kwa maasi, angalia mwaka 1797. Mabaharia wa manowari za Kiingereza huko Spithead walikataa kung'oa nanga mpaka mshahara uongezwe, huku wakiahidi kutoka mara moja adui akionekana. Wakaongezewa, wakasamehewa. Mwezi Mei mwaka huo huo wenzao wa Nore, kwenye mlango wa mto Thames, nao waliasi, lakini wao wakaufunga mto huo meli za biashara zisipite. Kiongozi wao, Richard Parker, alinyongwa tarehe 30 Juni kwenye meli yake mwenyewe, na wengine wakamfuata. Yote mawili ni maasi. Hata yale ya Nore, pamoja na kuutishia mji mkuu, hayakuwa mapinduzi, na Parker alishtakiwa kama askari wa majini mbele ya maofisa wa majini.

Kwa hiyo, mzee wangu wa redioni, Januari ijayo tafadhali sema maasi ya Colito. Ukisema mapinduzi, kijana anayekusikiliza ataanza kutafuta rais waliyetaka kumweka, na hatampata.