Alama 30 za vitendo zenye uzito wa alama 2

Katika muhtasari wa kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, ukurasa unaosomwa kuliko zote ni ule wa mgawanyo wa alama. Mwanafunzi anayeanza chuo hapa Moshi huufungua kabla hajajua hata mada ya wiki ya kwanza. Akikuta vitendo 30, jaribio 20 na mtihani wa mwisho 50, anaamini kwamba karibu theluthi moja ya matokeo yake itatokana na kazi atakayofanya kwa mikono yake: kukusanya data, kuisafisha, kuchora grafu na kuieleza. Mhadhiri aliyeandika muhtasari naye anaamini hivyo. Mara nyingi wote wawili wamekosea, na kosa lao linaweza kupimwa kwa hesabu inayofundishwa ndani ya kozi hiyohiyo.

Mimi hufundisha takwimu, na nimesoma mihtasari mingi ya kozi ya utangulizi. Idara hujadili kwa muda mrefu iwapo vitendo vipewe 20, 30 au 40. Swali ambalo haliulizwi ni jingine: alama hizo za vitendo zinatofautiana kiasi gani kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine? Hilo ndilo linaloamua uzito halisi, yaani mchango wa kila sehemu katika kumtenganisha anayefanya vizuri na anayefanya vibaya.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wanafunzi watano, ili kila kitu kihesabike kwa kalamu.

| Mwanafunzi | Vitendo (30) | Jaribio (20) | Mtihani (50) | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| A | 27 | 16 | 41 | 84 |
| B | 28 | 13 | 33 | 74 |
| C | 26 | 12 | 30 | 68 |
| D | 28 | 9 | 21 | 58 |
| E | 26 | 10 | 20 | 56 |

Tazama safu ya vitendo. Wastani wake ni 27, na hakuna aliyeupita au kupungukiwa kwa zaidi ya alama moja. Kila mhadhiri aliyewahi kusahihisha kazi za vikundi anaifahamu safu ya namna hii. Kikundi cha watu sita kinaleta ripoti moja, mmoja au wawili ndio walioifanya, wote wanapata alama sawa, na ripoti zenyewe zinafanana kwa sababu swali lilikuwa moja na data ilikuwa moja. Msahihishaji akikuta grafu ipo, jedwali lipo na hitimisho lipo, anatoa 27.

Kupata uzito halisi, chukua tofauti ya kila mwanafunzi na wastani katika jumla kuu. Wastani wa jumla ni 68, kwa hiyo tofauti hizo ni 16, 6, 0, −10 na −12. Kila moja ukiizidisha kwa yenyewe na kujumlisha unapata 536. Kisha chukua tofauti za vitendo, ambazo ni 0, 1, −1, 1 na −1, uzidishe kila moja kwa tofauti ya jumla ya mwanafunzi yuleyule, ujumlishe. Unapata 8. Ukifanya hivyo kwa jaribio unapata 124, na kwa mtihani 404. Namba hizo tatu zikijumlishwa zinarudi kuwa 536 bila kubaki kitu, na ndiyo maana tunaweza kuzisoma kama mgawanyo. Vitendo vimechangia 8 kati ya 536, yaani asilimia 1.5. Jaribio limechangia asilimia 23. Mtihani, ambao muhtasari unasema ni 50, umechangia asilimia 75.

Anayetumia kompyuta hahitaji kupitia hatua hizo zote. Vitendo vikiwa safu B na jumla ikiwa safu E, fomula moja inatosha:

```
=SLOPE(B2:B6,E2:E6)
```

Huo ni mteremko wa mstari unaopita katikati ya nukta pale jumla inapokaa kwenye mhimili wa chini na vitendo kwenye mhimili wa kando. Jibu litakuwa karibu 0.015. Ukirudia kwa safu C na D, majibu matatu yanajumlishwa kuwa 1. Mada ya mstari wa namna hii imo katika karibu kila kozi ya utangulizi, kwa hiyo wanafunzi wenyewe wanaweza kupewa alama za mwaka uliopita, zikiwa zimeondolewa majina na namba za usajili, wazipime. Sijaona zoezi linalowafanya waielewe mada hiyo haraka zaidi, kwa sababu alama ni jambo linalowagusa.

Idara ikigundua tatizo hili, wazo la kwanza huwa ni kuongeza asilimia za vitendo. Tujaribu kwa watu walewale: vitendo viwe 40, mtihani ushuke hadi 40, jaribio libaki 20. Uzito halisi wa vitendo unapanda kutoka asilimia 1.5 hadi kama 3 tu, na mpangilio wa wanafunzi haubadiliki hata kidogo. Kilichobadilika ni wastani wa darasa, uliotoka 68 hadi 71.2. Mwanafunzi E amesogea kutoka 56 hadi karibu 61 bila kujua kitu chochote zaidi ya alichokijua awali. Hapo chuo kimepandisha matokeo, vitendo vikabaki kimya kama vilivyokuwa. Ndiyo maana naona mjadala wa asilimia, ukifanyika peke yake, unapoteza muda wa watu.

Cha kubadilisha ni kazi yenyewe. Mfano ninaoupenda ni wa bei za mahindi, kwa kuwa data yake inapatikana kwa kutembea hadi soko la Mbuyuni. Kila mwanafunzi anakusanya bei kwa wauzaji kadhaa, na darasa linaziunganisha kuwa jedwali moja kubwa. Kisha kila mmoja anapewa sampuli yake mwenyewe kutoka kwenye jedwali hilo, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kwa kutumia namba yake ya usajili. Hakuna sampuli mbili zinazofanana, kwa hiyo jibu la jirani halimsaidii mtu. Anaweza kuuliza njia, na hilo ni jema, lakini namba na maelezo ni lazima viwe vyake.

Ndani ya data ya sokoni mna mtego ambao hauhitaji kutengenezwa. Wapo waliotaja bei ya debe, wapo waliotaja ya sado, na wengine ya kilo. Mwanafunzi anayekimbilia wastani anapata bei ambayo hakuna muuzaji hata mmoja anayeuza. Anayechora grafu ya mgawanyo kwanza anaona vilima viwili au vitatu vilivyoachana, anashtuka, anarudi kwenye karatasi za sokoni kuuliza vipimo. Hapo nadharia na vitendo vimekutana, maana somo la kwamba wastani hauelezi kitu pale data inapotoka kwenye makundi tofauti linapatikana mkononi. Na hapohapo alama zinaanza kutawanyika kwa sababu ya haki: kati ya 30, 10 ziende kwa kugundua na kurekebisha vipimo, 8 kwa grafu na kipimo kinachofaa, 12 kwa maelezo ya maneno ambayo mwanafunzi anayatetea kwa dakika chache mbele ya mhadhiri.

Tuseme wanafunzi walewale watano, kwa kazi ya namna hiyo, wangepata 24, 17, 22, 19 na 13, huku jaribio na mtihani vikibaki vilevile. Jumla zinakuwa 81, 63, 64, 49 na 43. Rudia hesabu: vitendo sasa vinachangia asilimia 24, jaribio 18, mtihani 58. Hazijafika 30, 20 na 50 kamili, wala hazihitaji kufika, lakini muhtasari sasa unasema jambo lililo karibu na kweli. Mwanafunzi C, aliyekuwa chini ya B kwa alama sita, amempita kwa moja. Alikuwa mzuri kwenye data tangu awali. Mfumo wa kwanza haukuwa na nafasi ya kumwona.

Wastani wa darasa umeshuka kutoka 68 hadi 60, na hapa ndipo idara nyingi hurudi nyuma. Naelewa hofu hiyo, kwa sababu alama hizi zinagusa mkopo, ufadhili na sapu. Lakini wanafunzi wakipewa vigezo vya usahihishaji wiki ya kwanza, na wakafanya zoezi dogo la majaribio lisilohesabiwa kabla ya lile kubwa, wengi watapanda wenyewe. Kinachoumiza ni kubadilisha usahihishaji katikati ya muhula bila kuwaambia.

Lipo kosa la upande wa pili. Mhadhiri aliyesikia kwamba mtawanyiko ni muhimu anaweza kuutafuta kwa ukali au kwa kubahatisha. Alama zinazotofautiana kwa sababu msahihishaji alikuwa amechoka zinaongeza uzito wa sehemu hiyo kwenye hesabu, huku zikipima uchovu wake. Namna ya kujua ni kuchukua kazi kama 15, mwenzako azisahihishe bila kuona alama zako, kisha mlinganishe. Ikiwa tofauti kati yenu wawili ni kubwa karibu sawa na tofauti kati ya wanafunzi, vigezo havijaeleweka, na kuvirekebisha kunatangulia mambo mengine yote.

Tena si kila kitendo kinastahili kutenganisha watu. Kufungua faili, kupanga data ili kila mtu awe na mstari wake, kuhifadhi kazi isipotee: haya tunataka kila mmoja ayaweze, na alama sawa kwa wote ni dalili njema. Ushauri wangu ni kuyaondoa kwenye alama kabisa na kuyafanya sharti. Asiyeyakamilisha kufikia wiki ya 6 haruhusiwi kuendelea na kazi ya sokoni mpaka ayakamilishe, na anaweza kurudia mara nyingi anavyotaka. Kuyapa alama 10 ni kumpa kila mtu 10.

Mtihani wa mwisho nao unaweza kubeba vitendo bila kompyuta hata moja ukumbini. Chapisha kwenye karatasi ya maswali jedwali la matokeo kama linavyotoka kwenye programu, pamoja na grafu yake, uulize linasema nini na haliwezi kusema nini. Swali la namna hii likichukua 15 kati ya zile 50, mwanafunzi aliyekwepa kazi ya Mbuyuni atajulikana, na yule wa kukariri fomula hatakuwa na pa kuegemea.

Kwa idara inayopitia muhtasari wake mwaka huu, kazi ya mwanzo ni ya saa moja: chukua alama za miaka miwili au mitatu iliyopita, kila mwaka peke yake, na uweke ile fomula ya mteremko kwa kila sehemu ya tathmini. Matokeo yaandikwe kwenye jedwali pembeni mwa asilimia zilizotangazwa, na jedwali hilo liwe mezani kabla mtu yeyote hajapendekeza kupandisha au kushusha asilimia.