Jedwali la Haraka na Muhimu katika Wiki ya Wakala wa Forodha

Kazi yangu ni kukaa na wenye ofisi ndogo hapa Mombasa na kuwasaidia kupanga wiki zao. Wengi wao wanaishi kwa bandari kwa njia moja au nyingine: mawakala wa forodha, wenye malori, wenye maghala ya Shimanzi na Changamwe. Karibu wote wamekwisha kusikia habari za jedwali la miraba minne, lile linalotenganisha mambo ya haraka na mambo muhimu. Wengine wamelibandika ukutani kabisa, na wiki zao bado ni vurugu. Nitaeleza hapa kwa nini jambo hilo hutokea, nikitumia wiki moja ya mteja wangu mmoja.

Asili ya jedwali hili hutajwa mara nyingi kwa jina la Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa Marekani. Katika hotuba aliyoitoa Evanston, Illinois, mwezi wa Agosti 1954, Eisenhower alinukuu maneno ya mkuu wa zamani wa chuo kimoja, aliyesema kwamba matatizo yake ni ya aina mbili, ya haraka na muhimu, na kwamba ya haraka si muhimu na yaliyo muhimu hayawi ya haraka kamwe. Mchoro wenyewe wa miraba minne ulienea miongo kadhaa baadaye, hasa kupitia maandishi ya Stephen Covey mwishoni mwa miaka ya 1980. Mraba wa kwanza una mambo muhimu yenye haraka. Wa pili una mambo muhimu yasiyo na haraka. Wa tatu, mambo ya haraka yasiyo muhimu. Na wa nne, yasiyo na sifa yoyote kati ya hizo mbili.

Mteja wangu ni mwanamke anayeendesha ofisi ya wakala wa forodha akiwa na makarani wawili. Tulikutana asubuhi ya Jumatatu, tarehe 16 Septemba 2024, akiwa na orodha ya mambo 17 ya wiki ile. Nilimwomba ayagawe mwenyewe kabla sijasema neno, naye akayatia 13 katika mraba wa kwanza. Nilipomtazama alicheka akasema, “Mwalimu, hapa kwetu kila kitu ni cha haraka. Meli haimngoji mtu.”

Kosa hilo si la uvivu wa kufikiri. Tunaposema kitu ni cha haraka, mara nyingi tunaeleza jinsi tunavyohisi, na hisia hiyo hutoka kwa mtu aliyepiga simu mara ya mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Zhu, Yang na Hsee ulionyesha kwamba watu huelekea kuchagua kazi yenye muda mfupi wa kumalizika hata kama malipo yake ni madogo kuliko ya kazi nyingine iliyo mbele yao, na hata kama muda huo mfupi ni wa kubuniwa tu. Kwenye orodha ya mteja wangu ulikuwapo mfano kamili wa hilo: kuagiza kalenda za mwaka mpya kutoka kwa mpiga chapa aliyetangaza kwamba bei nafuu ingekoma Alhamisi. Alikuwa ameiweka katika mraba wa kwanza pamoja na makontena.

Kwa hiyo siwaulizi watu tena kama jambo ni la haraka. Huwauliza mambo mawili yanayoweza kujibiwa kwa tarehe na kwa shilingi: siku ya mwisho ya kulianza ni ipi, na lisipofanyika nani atapata hasara gani? Swali la pili ndilo linaloamua umuhimu. La kwanza ndilo linaloamua haraka, na ndilo ambalo wengi hulikosea, kwa sababu huangalia tarehe ya kumaliza badala ya tarehe ya kuanza.

Chukua ritani ya kodi ya ongezeko la thamani. Nchini Kenya ritani ya mwezi uliopita huwasilishwa kabla ya kwisha kwa tarehe 20, na mwezi ule tarehe 20 ilikuwa Ijumaa. Anayechelewa hutozwa asilimia 5 ya kodi anayodaiwa au shilingi 10,000, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi. Yeye aliiona ni kazi ya Ijumaa, kwa hiyo akaiweka mraba wa pili, na ni katika hili tu ambapo alikuwa amepunguza haraka badala ya kuizidisha. Tukahesabu kurudi nyuma. Kujaza ritani kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi, kungemchukua saa moja, lakini hakutaka kufanya hivyo siku ya mwisho, siku ambayo kila mfanyabiashara anaingia kwenye mtandao ule ule, kwa hiyo tukasema Alhamisi. Kupanga ankara kungechukua saa tatu, basi ankara zote ziwepo Jumatano. Wauzaji wawili walikuwa bado hawajatuma ankara zilizosahihishwa, na uzoefu wake ulimwambia kwamba huchukua siku mbili baada ya kukumbushwa. Maana yake ni kwamba siku ya mwisho ya kuanza ilikuwa ile ile Jumatatu tuliyoketi, saa hiyo hiyo. Aliwapigia simu mbele yangu. Ilimchukua dakika kumi.

Hapa ndipo jedwali linapoanza kufaa kazi. Jambo moja lenye sehemu nyingi halikai katika mraba mmoja. Kuomba ankara kulikuwa kwa mraba wa kwanza Jumatatu, na kujaza ritani kulikuwa kwa mraba wa pili hadi Alhamisi. Anayeandika “kodi” na kuishia hapo hawezi kuona tofauti hiyo, na jedwali lenyewe halimwonyeshi, kwa kuwa halina mahali pa kuandika muda wa kazi wala muda wa kungoja watu wengine. Mimi huongeza safu mbili ndogo pembeni kwa ajili hiyo.

Makontena mawili hayakuhitaji mjadala. Yalikuwa yameshushwa Kilindini Jumamosi, na siku zisizotozwa gharama ya kuhifadhi zilikuwa zinakwisha Jumatano. Baada ya hapo kila siku ina bei yake, na mwenye mzigo hamlaumu mwingine ila wakala.

Tulipomaliza kuuliza maswali yale mawili, mambo 13 ya mraba wa kwanza yalibaki manne. Matano yalikuwa ya mraba wa pili, sita ya mraba wa tatu, na mawili, kalenda zikiwamo, ya mraba wa nne.

Mraba wa tatu una hila yake. Ushauri wa kawaida ni kumpa mtu mwingine kazi hizo, jambo ambalo ni rahisi kwa rais mwenye wasaidizi wengi. Katika ofisi ya watu watatu, kumkabidhi mtu kazi kwa mara ya kwanza huchukua muda mrefu kuliko kuifanya mwenyewe. Tena simu za wateja wanaouliza “mzigo umefika wapi?” ni za haraka na muhimu sana kwa anayepiga; kuziita zisizo muhimu ni kusema tu kwamba hazihitaji mwenye ofisi azijibu. Tulichofanya ni kuandika ujumbe mmoja wa mfano, ambao karani angejaza namba ya kontena na hatua iliyofikiwa, kisha autume kwa kila mteja saa tano asubuhi na saa tisa alasiri bila kungoja kuulizwa. Pamoja na mengine kama hayo, saa 14 za mraba ule zikawa saa 3 kwake.

Kisha tukatazama muda. Wiki yake ina saa 38 za kazi, kwa kuwa Ijumaa ofisi hufungwa kwa muda wa saa mbili kwa ajili ya swala. Mambo yote 17 yalihitaji saa 46. Ningeweza kumjazia zote 38, lakini mimi sijazi zaidi ya theluthi mbili, yaani kama saa 25. Mjini kwetu mtu akifa asubuhi huenda akazikwa alasiri, na hakuna mraba wa kuuliza kama utakwenda au hutakwenda. Foleni ya kivuko cha Likoni nayo haipangwi na mtu.

Tulifuta saa 4 za mraba wa nne, tukatoa saa 11 kwa makarani, na bado zilibaki 31. Saa 6 zaidi zilitoka katika mraba wa pili, na hizi ndizo zilizomuuma. Mojawapo ilikuwa kukusanya hati za kuhuisha leseni yake ya forodha, ambayo humalizika tarehe 31 Desemba. Hatukuisukuma mbele hivi hivi. Tuliiandikia siku ya mwisho ya kuanza, Jumatatu tarehe 7 Oktoba, na tukaiandika kwenye shajara.

Mambo ya mraba wa pili yaliyobaki yalipewa saa zake: saa mbili hadi saa tano asubuhi, siku za Jumanne, Jumatano na Alhamisi, simu ikiwa mikononi mwa karani. Kubwa lao lilikuwa madeni. Yeye huwalipia wateja ushuru kwanza kisha huwadai, na mteja mmoja mkubwa alikuwa amepitisha siku 90. “Kukusanya madeni” kulikuwa kwenye orodha zake kwa wiki nyingi, na jambo likikaa mraba wa pili Jumatatu tatu mfululizo mimi hushuku kwamba si muhimu kama inavyodaiwa, au limeandikwa kwa namna isiyoweza kufanywa. Hili lilikuwa la namna ya pili. Tuliliandika upya: Jumanne, kutuma taarifa ya deni yenye tarehe za kila malipo, Alhamisi, kumpigia simu mhasibu wa mteja huyo.

Jumatano mpango uliharibika. Kontena moja lilichaguliwa kwa ukaguzi, naye akashinda bandarini tangu asubuhi, kwa hiyo saa tatu alizotenga kumfundisha karani mdogo kujaza matamko ya forodha zilipotea. Kwa kuwa hatukuwa tumejaza wiki yote, zilihamia Ijumaa asubuhi kabla ya swala, ingawa ziligeuka mbili. Ritani ilikwenda Alhamisi jioni. Gharama ya kuhifadhi kontena lile kwa siku moja ililipwa, na mwenye mzigo alinung'unika kama ilivyotarajiwa. Mhasibu wa mteja mkubwa alipokea simu, akakubali nusu ya deni na kubishia ankara mbili, nazo zikaingia katika orodha ya Jumatatu iliyofuata, mraba wa kwanza, zikiwa na tarehe yake ya kuanza pembeni.