Mradi hesabu zake zinatoka hasi, unapitishwaje?

"Mradi wa kujifunza soko au wa kujenga brandi ukiupigia hesabu unatoka hasi, sasa watu wanaupitishaje kwenye bodi bila kupika namba?"

Wengine wanapika tu, tusidanganyane. Eksel inasema thamani halisi ya sasa, yaani hela zitakazorudi zikiletwa kwenye thamani ya leo kutoa gharama, ni hasi milioni 40, mtu anarudi kwenye mauzo ya mwaka wa nne, anayasukuma juu kidogo, hasi inageuka chanya na kikao kinafungwa mapema. Mwingine anachomeka mstari "faida ya brandi, milioni 50" na ukimuuliza hiyo 50 kaitoa wapi anaanza kuangalia dari. Mkurugenzi wa fedha akiufuta mstari huo mimi simlaumu.

Ila kuna njia ya halali, na kwa mradi wa kujifunza inaanzia hapa: ile hesabu ya kawaida ya kurudisha hela za miaka ijayo kwenye thamani ya leo inachukulia kwamba ukishaanza utaenda mpaka mwisho, mambo yawe mazuri yawe mabaya. Mradi wa kujifunza haukai hivyo. Unalipa kidogo, unaona, halafu ndo unaamua kama unaendelea au unaachia hapo. Hiyo haki ya kuamua baadaye nayo ina thamani yake, na Stewart Myers wa MIT ndiye aliyeipa jina la opsheni halisi mwaka 1977, akiifananisha na opsheni za soko la hisa ambazo zinakupa haki ya kununua bila kukulazimisha ununue.

Tuchukue kampuni inayotaka kuingiza huduma mpya. Ina mradi wa majaribio wa milioni 100, na hela zitakazorudi kutokana na majaribio yenyewe zina thamani ya leo ya milioni 60, kwa hiyo ukiishia hapo umepoteza 40. Baada ya miaka 2 inaweza kuingia sokoni kwa nguvu zote kwa milioni 400. Soko likiikubali huduma, hiyo biashara itakuwa na thamani ya 700, yaani faida ya 300. Soko likiikataa itakuwa na thamani ya 250 tu, yaani hasara ya 150. Wenye uzoefu ndani ya kampuni wanasema uwezekano wa kukubalika ni kama 30 kwa 100, na kampuni inapunguza hela za baadaye kwa 15% kwa mwaka.

Ukiruka majaribio ukaingia kichwakichwa leo, wastani wako ni 0.3 mara 300 kutoa 0.7 mara 150, inatoka hasi 15. Majaribio peke yake hasi 40. Kwa hiyo milango yote miwili imefungwa, na vikao vingi vinaishia hapohapo, mradi unatupwa. Lakini ukifanya majaribio halafu ukaendelea pale tu soko linapokubali, ile hasara ya 150 hailipwi na mtu, manake hutaingia. Hesabu inakuwa hivi:

```
-40 + 0.3*300/1.15^2
```

Jibu ni chanya 28. Hakuna aliyegusa mauzo wala aliyechomeka mstari wa "mengineyo", kilichobadilika ni kwamba tumeruhusu kampuni iwe na akili ya kuacha.

Najua utasema hiyo 30 kwa 100 nayo si ni ya kubuni? Ni kweli, ndo maana usiibebe bodini kama ukweli. Ligeuze swali: uwezekano uwe kiasi gani ili mradi usipate wala usipoteze? Ukigawa 40 kwa 226.8, ambayo ndo ile 300 ukishairudisha kwenye thamani ya leo, unapata kama 18 kwa 100. Sasa bodi haibishani tena kuhusu namba yako, inajibu kitu ambacho watu wa mauzo na wa huduma wanaweza kukijadili wakiwa timamu: je, tunaamini huduma hii ina nafasi zaidi ya 18 kwa 100? Ubishi unabaki, ila sasa ni ubishi kuhusu biashara.

Sehemu ya kuogopa ni hii. Hiyo chanya 28 yote imesimama juu ya ahadi kwamba majibu yakiwa mabaya mtaacha, na watu hawaachi. Meneja ameshaajiri timu, mkubwa ameshautangaza mradi kwa mbwembwe, majibu yanakuja mabovu halafu unasikia "tuongeze miezi 6 tuone". Ukiendelea bila kujali majibu, zile hasi 15 za kuingia kichwakichwa zinarudi, safari hii zikiwa mbele miaka 2 kwa hiyo thamani yake leo ni kama hasi 11, jumlisha na 40 za majaribio unakuwa kwenye hasi 51. Mradi uleule, soko lilelile, tofauti ya karibu 80 imetoka kwenye nidhamu tu. Ndo maana kabla hela haijatoka inaandikwa karatasi moja: tunataka kujua nini, namba gani ikifika tunaendelea, tarehe gani tunaangalia, na nani ana mamlaka ya kuzima, na huyo wa kuzima asiwe yule anayeuendesha mradi.

Na majaribio yenyewe yasichaguliwe kwa upendeleo. Nilishawahi kuona majaribio yanapelekwa tawi bora lenye meneja bora, yakapasua vizuri sana, halafu huduma ilipofika matawi mengine ikalala. Walichokuwa wamepima ni yule meneja.

Brandi ni tofauti kidogo, pale huwa hakuna siku moja ya kuamua uendelee au uache, ila lile swali la kugeuza linafanya kazi vilevile. Robert Kaplan wa Harvard aliliweka wazi mwaka 1986 alipokuwa akizungumzia mashine za kisasa za viwandani: pima kwanza vinavyopimika, angalia pengo lililobaki, halafu uliza hizo faida zisizopimika zinatakiwa ziwe kubwa kiasi gani kuliziba. Tuseme pengo ni milioni 40 na kila mteja anayebaki ana faida ya 50,000 kwa thamani ya leo kwa muda wote atakaokaa. Hapo unahitaji wateja 800 ambao wangehama ila wasihame. Kama kila mwaka wanahama 3,000, unaomba kumbakiza zaidi kidogo ya mmoja kati ya kila wanne ndani ya mwaka mmoja, ni mzigo mzito huo. Kama wanahama 20,000, mambo ni mengine kabisa.

Hapo mimi huwa naangalia kitu kimoja zaidi, nalinganisha makadirio ya mauzo na hiyo hoja ya brandi, maana mara nyingi wateja hao 800 unawakuta wameshahesabiwa kwenye mstari wa mauzo ya mwaka wa pili, aliyeandika mauzo alishaichukulia brandi kuwa nzuri tangu mwanzo, kwa hiyo mnawahesabu mara mbili na lile pengo la 40 kiukweli ni kubwa kuliko linavyoonekana.